Kifurushi Kimoja, Kompyuta 20

"Mwalimu, hii inazunguka tu."

Msichana aliyeniita alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya tatu, akijaribu kufungua tovuti ya KUCCPS. Maombi ya vyuo yalikuwa yanafungwa jioni hiyo. Nje, jua la Waberi lilikuwa limeshapanda. Ndani ya maabara yetu, kompyuta 20 zilikuwa zimewashwa, na hakuna hata moja iliyokuwa inafungua kitu.

Kwanza nililaumu laini. Tuna megabiti 2 kwa sekunde, na siku mbaya hata hizo hatuzipati. Lakini laini haikuwa imekufa. Ilikuwa imejaa. Mashine zetu zinatumia Ubuntu, na Ubuntu hushusha masasisho yenyewe kimyakimya. Asubuhi hiyo kila moja ilikuwa inavuta kama megabaiti 300. Mashine moja peke yake ingemaliza kwa dakika 20. Lakini zote 20 ni gigabaiti 6, yaani karibu saa 6 na dakika 40 za laini nzima. Na ni faili zilezile! Tulikuwa tunanunua mkate mmoja mara 20.

Nikachomoa waya za mashine zote isipokuwa ya yule msichana. Akatuma maombi yake saa kumi. Mimi nikabaki pale hadi usiku.

Dawa yenyewe ni programu ndogo inayoitwa `apt-cacher-ng`. Unaiweka kwenye mashine moja, nayo inakaa katikati ya maabara na intaneti kama muuza duka wa mtaa. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, anakiendea mjini na kubakisha nakala kwenye rafu. Wa pili akija, anapewa cha rafuni. Nilichukua mashine iliyokuwa na diski kubwa kuliko zingine, nikaandika:

```
sudo apt install apt-cacher-ng
```

Kisha kwenye ruta nikaifungia anwani yake, 192.168.1.10, isibadilike. Usiruke hatua hii. Stima ikipotea na kurudi, ruta inaweza kuipa anwani mpya, na zile 19 zingine zitakuwa zinabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Kwa kila mashine niliongeza mstari mmoja tu:

```
echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/00proxy
```

Nikasasisha mashine ya kwanza: dakika 22. Ya pili ilimaliza kushusha kabla sijarudi kwenye kiti, maana waya za ndani ya maabara zinabeba megabiti 100 kwa sekunde. Nikalala kwa amani.

Wiki iliyofuata, laini ikajaa tena.

Nilidhani nimekosea mahali. Badala ya kubahatisha, nikafungua kitabu cha kumbukumbu cha seva, `/var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log`. Mle ndani, mstari wenye herufi `I` ni mzigo ulioingia kutoka intaneti, na wenye `O` ni mzigo uliotoka kwenda kwa mashine. Kila kifurushi kilikuwa kimeingia mara moja na kutoka mara nyingi, vile nilivyotaka. Stoo ilikuwa inafanya kazi. Basi nani anakula laini?

Nikatafuta jina Firefox mle. Hakuna. Kumbe katika Ubuntu 22.04, Firefox haiji kwa apt. Inakuja kwa snap, ambayo ni mlango mwingine kabisa, na muuza duka wangu hakai mlango huo. Kila mashine ilikuwa inajishushia kivinjari chake kutoka ng'ambo.

Nikaziambia zote zisisasishe snap bila ruhusa yangu:

```
sudo snap refresh --hold
```

Siku hizi, mara moja kwa mwezi, nashusha Firefox kwenye seva kwa `snap download firefox`. Napata faili mbili: moja ya `.snap` na moja ya `.assert`, ambayo ni cheti chake. Nazipeleka kwa kila mashine kwa flashi, naanza na `snap ack` kwa cheti, halafu `snap install` kwa programu. Inachosha, na nikisahau mwezi, wanafunzi wanatumia kivinjari kilichopitwa na wakati, chenye matundu ya usalama. Hilo ni deni langu mimi, si la mashine. Nimeliandika kwenye kalenda iliyo ukutani, tarehe moja ya kila mwezi.

Laini yetu bado ni megabiti 2. Juzi mwanafunzi mwingine alikaa kwenye kompyuta ya tatu wakati zile zingine zote zinasasishwa. Hakuniita.