Barua Pepe ya Maneno 431

Mwezi wa Novemba uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani jioni, simu mkononi, akanisalimu na hata kabla sijamwitikia vizuri akaniambia kuwa saa sita usiku mlango wa maombi ya kazi unafungwa. Mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto alikuwa anatafuta mhariri msaidizi. Tangazo lilitaka barua pepe isiyozidi maneno 150, wasifu, na sampuli moja ya kazi. Barua yake ilikuwa na maneno 431. Alikwisha kuomba kazi nyingine mbili mwaka huo kwa barua ya namna hiyo hiyo, na hakuna aliyemjibu.

Nilivaa miwani, nikajiona nimo nyumbani kabisa. Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha ufupisho. Nikachukua kalamu, nikafanya kama nilivyowafanyisha wanafunzi wangu: kila aya nikaipunguza hadi theluthi yake, kila wazo nikaliachia mahali padogo. Baada ya nusu saa nilikuwa na maneno 140. Nikamsomea. Penye miswada aliyoisahihisha nilikuwa nimeandika hivi: “Nina uzoefu wa kusahihisha miswada ya hadithi za watoto, ninafanya kazi kwa bidii na ninazingatia muda.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, “Mjomba, imekuwa fupi, lakini mimi simo ndani yake.”

Alikuwa na haki. Ufupisho wa darasani humtumikia mwandishi wa habari ile: huna ruhusa ya kutupa wazo lake lolote kuu, kwa hiyo unayakondesha yote kwa pamoja. Barua ya maombi haitaki kukondeshwa. Inataka baadhi ya viungo vikatwe kabisa na vingine viachwe na nyama yake yote. Mimi nilikuwa nimeihifadhi salamu, nikaihifadhi sifa ya bidii, nikazitoa tarakimu kwa sababu zilikaa ndani ya sentensi ndefu. Hivi ndivyo ushahidi unavyopotea: sifa ni neno moja, huponyoka kwenye makasi, ushahidi una mwaka, idadi na matokeo, basi huonekana mzito, nao ndio unaotupwa.

Tukaanza upya. Kwanza tulirudi kwenye tangazo, tukaona kwamba mchapishaji ameuliza mambo matatu tu: je, umewahi kusahihisha Kiswahili cha watoto, je, unatimiza tarehe, na je, unaweza kuanza Januari. Kisha tukaisoma barua ya kwanza sentensi kwa sentensi, na kwa kila moja nikamwuliza: mwombaji mwingine anaweza kuisema hii bila kubadili neno? “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma.” Anaweza. “Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuru kwa kutenga muda wako.” Anaweza. Habari za kuzaliwa katika familia ya watoto saba na kupenda vitabu tangu utotoni zilimgusa moyo, lakini hata hizo nyumba nyingi zinazo. Katika sentensi 23 zilibaki nne, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa imejificha katika aya ya nne. Nayo ilikuwa hii:

“Katika kipindi cha muda wa miezi sita nimewahi kushiriki katika shughuli mbalimbali za kusahihisha miswada ambayo ilikuwa ni ya hadithi za watoto, ambayo jumla yake ilikuwa ni kumi na minane.”

Maneno 30. Washairi wataitambua mazda hapa, ila ni mazda isiyotafuta mizani yoyote. “Kipindi cha muda” ni jambo moja kutajwa mara mbili. “Ambayo ilikuwa ni ya” hubebwa na “ya” peke yake. Lakini neno lililonikera zaidi ni “kushiriki”. Nikamwuliza, “Mlikuwa wangapi?” Akasema, “Peke yangu.” Basi kwa nini ujigawie kazi na watu ambao hawakuwapo? Kitenzi kimoja, “nilisahihisha”, kikachukua nafasi ya maneno saba, na kikasema kweli zaidi.

Kiswahili kina ukarimu huu: kitenzi hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi ndani ya neno moja, na mashine ya kuhesabu hulihesabu moja. “Nafasi ambayo mliitangaza” huwa “nafasi mliyoitangaza”. Hata hivyo “amba-” moja tuliiacha, ile ya “ambaye namba yake”, kwa sababu umilikishi hauingii kirahisi ndani ya kitenzi. Kuna na hila ambayo nilimkataza: kuunganisha “kwa sababu” au “kwa hiyo” ili maneno mawili yahesabiwe moja. Anayeomba kusahihisha tahajia asianze kwa kuivunja.

Tulipofika maneno tisini na kitu tulikuwa na nafasi ya ziada, nami nikamwuliza amejuaje kwamba masahihisho yake yaliwafaa watoto. Akaeleza kwamba aliwapa watoto wausome kila mswada, akaandika kwenye daftari maneno yaliyowakwamisha. Daftari! Katika maneno yote 431 halikutajwa hata mara moja. Hapo tukaandika barua hii:

“Ndugu Mhariri Mkuu,

Naomba nafasi ya mhariri msaidizi wa vitabu vya watoto mliyoitangaza tarehe 3 Novemba.

Kati ya Februari na Julai mwaka huu nilisahihisha miswada 18 ya hadithi za watoto katika maktaba ya mtaa wetu. Yote ilifika kwa mpiga chapa kabla ya tarehe iliyopangwa. Vitabu 5 vimekwisha kuchapishwa tena bila kurekebishwa neno.

Kila mswada niliwapa watoto wa darasa la tatu wausome, nami nikaandika maneno yaliyowakwamisha. Katika mmoja yalikuwa 27. Baada ya kuusahihisha yalibaki 6.

Nina shahada ya ualimu, somo la Kiswahili. Naweza kuanza kazi tarehe 5 Januari.

Nimeambatisha wasifu wangu na kurasa mbili za mswada mmoja, kabla na baada ya kuusahihisha. Msimamizi wa maktaba, ambaye namba yake imo katika wasifu, yuko tayari kuthibitisha haya.

Wako mwaminifu,”

Maneno 116, salamu na tarakimu zikiwamo, bila jina lake. Alitaka tuzijaze zile 34 zilizobaki, arudishe walau familia ya watoto saba. Nilimwambia kikomo si kibaba kinachotakiwa kujaa, naye akakubali shingo upande. Jambo moja tulibishana zaidi: yeye aliona aibu kuitaja ile 6, akataka tuseme tu kwamba makosa yalipungua. Mimi nikashikilia ibaki. Mhariri anajua kwamba hakuna mswada unaowanyokea watoto wote, na anayekiri sita husadikiwa anapotaja ishirini na saba.

Aliituma saa tatu na nusu usiku, chai ikiwa imepoa mezani. Siku ya tisa akapigiwa simu aende kwenye usaili. Majibu bado tunayangoja. Lakini aliporudi aliniambia kwamba kitu cha kwanza walichomwuliza ni kama lile daftari bado analo, naye alikuwa amelibeba mkobani.