Nani aambiwe, na aambiwe nini

Mwaka 2011, mtu mwenye ugonjwa mzito katika mitaa ya Thika aliulizwa jambo moja kila alipokutana na watu: unaenda Loliondo lini? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa shilingi 500 za huko, na foleni ya magari ilikuwa imenyooka kilomita kadhaa. Wakenya wengi walivuka mpaka kukifuata kikombe hicho.

Makongeni, Thika, mchuuzi mmoja wa mboga alikuwa ameambiwa kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi. Hakupata nafasi ya kumwambia mtu kwa kinywa chake. Jamaa aliyemsindikiza hospitali aliitoa habari kwenye kikao cha matanga, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa nayo, kila mmoja kwa namna alivyoisikia. Nauli ya Loliondo ilichangwa kabla hajasema kama anataka kwenda. Alikwenda, kwa sababu kukataa fedha za watu wa nyumbani kungeonekana ni kiburi. Aliporudi, tarehe yake ya mionzi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa imeshapita, na ilimbidi aanze upya kusubiri. Alifariki mwaka uliofuata.

Binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi Ruiru, anakumbuka zaidi sebule kuliko hospitali. Wageni walikuja tangu saa nne asubuhi, na kila kundi lilitaka kusimuliwa tangu mwanzo: ilianza vipi, daktari alisema nini, imefika wapi, mbona hamkumpeleka kwa fulani. Mama alijibu akiwa ameegemea mto, na aliyemaliza kujibiwa alitoa ushauri. Jioni hakuwa na nguvu hata ya kunywa uji.

Siku hizo saratani ilitajwa kwa kunong'ona, ingawa viongozi wachache walikuwa wameanza kuvunja ukimya. Profesa Anyang' Nyong'o na Beth Mugo, waliokuwa wakisimamia wizara mbili za afya, walijitokeza kila mmoja kwa wakati wake na kusema wazi kwamba wana saratani. Mwezi Julai 2019 ndio uliobadili mazungumzo ya nyumbani. Bob Collymore wa Safaricom alifariki tarehe 1, mbunge wa Kibra Ken Okoth tarehe 26, na gavana wa Bomet Joyce Laboso tarehe 29, wote kwa saratani.

Mwalimu alifuatilia hasa mwenendo wa Collymore. Alipokwenda Uingereza kutibiwa Oktoba 2017, umma uliambiwa tu kwamba yuko kwenye likizo ya matibabu. Aliporudi kazini Julai 2018 ndipo alipoutaja ugonjwa mwenyewe, saratani ya damu, na kueleza alichopitia. Mwalimu aliona kwamba kumbe mtu anaweza kusema ukweli bila kusema yote siku ile ile.

Mwaka 2022 zamu ikawa yake. Uvimbe kwenye titi la kushoto ulitolewa kipande kidogo kikapimwa, na jibu likaja kwamba ni saratani. Alimwambia mumewe usiku ule, na kesho yake dada yake mkubwa anayeishi Thika. Hapo akasimama. Alikuwa ameelewa kutokana na ugonjwa wa mama yake kwamba maswali huingia pale habari ilipoachwa wazi. Jibu la kwanza la maabara husema tu kwamba saratani ipo. Halisemi kama inalishwa na homoni, wala kama imesambaa. Mambo hayo hutokana na vipimo vingine vya kipande kile kile na picha za mwili, na bila hayo daktari hawezi kupanga tiba. Mtu akitangaza katika wiki hizo za kungoja, kila anayempigia simu atauliza kitu ambacho hata mgonjwa hakijui, na pengo hilo watu hulijaza kwa visa vya shangazi zao.

Lakini kungoja nako kuna mwisho. Aina ya tibakemikali aliyopangiwa hung'oa nywele, kwa kawaida wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza. Baada ya hapo kitambaa cha kichwa kitatangaza chenyewe shuleni na kanisani. Kwa hiyo alikuwa na dirisha dogo: tangu siku mpango wa tiba ulipokamilika hadi siku nywele zitakapoanza kubaki kwenye kitana. Habari yake aliitoa humo.

Watoto walitangulia, kwa sababu hawakupaswa kuisikia kwa jirani. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akawaambia hauambukizi, hakuna aliyeusababisha kwa utundu, na kwamba dawa ndizo zitakazomfanya alale mchana, wasidhani hali imeharibika. Mama mkwe aliambiwa kwa simu na mwanawe, kwa heshima, kabla ya mtu mwingine yeyote wa upande ule. Kisha ukaja ujumbe mmoja, uleule kwa wote, ambao yeye na dada yake waliuandika mezani na kuupunguza mara kadhaa:

"Wapendwa, nimepatikana na saratani ya titi. Madaktari wamemaliza vipimo na mpango wa matibabu upo tayari. Nitapata dawa kila wiki 3, kisha upasuaji. Sitaweza kupokea simu za kuulizia hali. Dada yangu atawapa habari baada ya kila dozi. Wageni waje kwa kupanga naye kwanza, kwa sababu kinga yangu itakuwa chini. Nimechagua kufuata hospitali tu, naomba nisiletewe dawa nyingine. Mkitaka kusaidia: kuwachukua watoto shuleni, chakula cha jioni siku ya dozi, na maombi. Asanteni kwa kunielewa."

Kila sentensi ilikuwa na kazi. "Mpango upo tayari" ilifunga mjadala wa aende wapi. Kipindi cha dawa kiliwapa watu kitu cha kufuatilia. Sababu ya kuzuia wageni ilikuwa ya kweli: katika tiba nyingi za aina hiyo, seli nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na mafua ya mgeni yanaweza kumrudisha mgonjwa hospitali kwa homa. Katazo lenye sababu ya kitabibu halimvunjii shangazi heshima kama "sitaki wageni". Na orodha ya misaada iliwapa kazi watu ambao wangetafuta kazi kwa kutoa ushauri.

Kwa nini msemaji awe dada na si mume? Wengi waliuliza. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Silk, aliyewahi kuugua saratani ya titi, aliandika na mwenzake Barry Goldman makala kuhusu maduara yanayomzunguka mgonjwa: wa ndani kabisa ni mgonjwa mwenyewe, kisha walio karibu naye, kisha walio mbali. Faraja iende ndani, malalamiko na hofu viende nje. Mume alikuwa kwenye duara la pili, naye akikosa usingizi. Kumbebesha simu za ukoo mzima kungekuwa kugeuza mwelekeo. Dada alikuwa hatua moja nje, tena mzaliwa wa kwanza, ambaye kwa desturi ya nyumbani wajomba wangemsikiliza.

Ushauri ulikuja hata hivyo. Shemeji alifika kutoka Thika na majani makavu ya mstafeli kwenye mfuko, ameambiwa sokoni yanamaliza saratani.

"Asante, shemeji, umenikumbuka," mwalimu alimwambia. "Nitaandika jina lake, nimwonyeshe daktari kabla sijaweka chochote mdomoni."

"Na akikataa?"

"Basi nitakuwa nimekataliwa na daktari, si mimi niliyekukataa wewe."

Daktari alikataa kweli. Dawa nyingi za saratani huchakatwa na ini, na mitishamba isiyopimwa inaweza kuzifanya zikae mwilini kupita kiasi au zitoke haraka mno. Ini likionyesha matatizo kwenye kipimo cha damu, dozi huahirishwa bila kujulikana lawama ni ya nani. Tangu hapo kila chupa na kila mfuko ulipita njia ile ile: jina kwenye daftari, daftari kwa daktari.

Sehemu iliyokuwa ngumu zaidi ni fedha. Kenya, ugonjwa mkubwa huandamana na mchango, na anayechanga huhisi ana haki ya kujua. Katika michango mingi, picha ya ripoti ya maabara hutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp kama uthibitisho, na kutoka hapo huenda kwa watu wasiomjua mgonjwa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaja taarifa za afya kuwa nyeti, lakini picha ikishasambazwa, hakuna wa kuirudisha. Familia iliunda kamati ya watu watatu. Hao ndio walioona stakabadhi na makadirio ya hospitali. Wengine wote waliona lengo la mchango, namba ya M-Pesa ya mweka hazina na jumla ya kila wiki. Kikundi cha mchango kilipangwa ili wasimamizi pekee ndio watume ujumbe, hivyo hakikugeuka uwanja wa ushuhuda wa dawa.

Ujumbe haukuziba kila tundu. Jumapili moja kanisani, mama mmoja wa kikundi cha akina mama alisimama kwa nia njema akataja jina la mwalimu na ugonjwa wake mbele ya waumini wote, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wake. Jumatatu watoto darasani walimtazama kifua. Dada alikwenda kumwona mchungaji na wakakubaliana maneno: mwalimu aombewe kama mgonjwa, bila kutajwa ni ugonjwa gani. Wagonjwa wengine waliosikia kisa hiki kutoka kwa mwalimu sasa huanza na mchungaji mapema, kabla ya kutuma ujumbe wowote, wakimwambia kinachoweza kusomwa madhabahuni na kisichoweza.

Kuna kitu kingine kilichosaidia, ambacho mama yake hakukipata. Mwishoni mwa 2019, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianza kupokea wagonjwa, karibu na njia ya kutoka Ruiru kwenda Nairobi, ikiwa na kituo cha saratani. Jamaa anayeona kwamba mgonjwa ana pa kwenda, tena kwa matatu moja na mwendo mfupi, ana sababu chache za kumtafutia kikombe ng'ambo ya mpaka.

Tiba ya hospitali ilipokwisha, swali lilibadilika likawa "umepona?", na hilo lilimsumbua kuliko yote ya mwanzo, kwa kuwa saratani yake ni ya homoni na anameza tembe kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Akisema ndiyo, watu hushangaa kumwona tena kliniki. Akisema hapana, huanza kumlilia. Aliandika ujumbe wa pili, mfupi: "Matibabu makubwa yamekwisha. Natumia dawa ya kuzuia isirudi, na kliniki ni kila baada ya miezi kadhaa. Kukiwa na jambo jipya, dada atawaambia." Shangazi mmoja wa Makongeni bado humpigia simu kuuliza. Mwalimu huipokea, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akimpikia mama yake uji.