Nguzo tatu za mkopo wa ukarabati

Nyumba nyingi za mtaa wetu wa Riverside, hapa Buffalo, ni kuukuu. Ndiyo maana mimi na mume wangu tulinunua yetu kwa mkopo wa FHA 203(k), unaounganisha bei ya nyumba na gharama za kuikarabati. Fedha za ukarabati hukaa katika akaunti maalumu, nazo hutolewa kwa awamu. Kila awamu, mkaguzi huja kuona kazi iliyokwisha kufanyika, kisha fomu HUD-9746-A hutiwa saini na mkandarasi, mkaguzi na sisi wenye nyumba. Mkopeshaji huzuia asilimia 10 ya kila awamu mpaka kazi yote iishe.

Kabla ya kutia saini, mimi huchora nguzo tatu daftarini: kiasi kilichopangwa, kazi iliyothibitishwa, na fedha zilizotoka. Mpango wetu ulikuwa paa dola 14,000, madirisha 9,000 na mabomba 7,000, jumla dola 30,000. Awamu ya kwanza paa lilikwisha. Tukiondoa asilimia 10, zilitoka dola 12,600, na hesabu ilikubali.

Awamu ya pili mkaguzi alithibitisha asilimia 60 ya madirisha, yaani dola 5,400. Mabomba yalikuwa hayajaguswa. Hapo sikuanza na awamu hiyo peke yake, nilijumlisha kazi yote tangu mwanzo: 14,000 na 5,400 ni 19,400. Ukiondoa asilimia 10, zinabaki 17,460. Ukiondoa 12,600 zilizokwisha kutoka, awamu ya pili ilistahili dola 4,860. Taarifa ya akaunti ilionyesha zimetoka 5,400. Walisahau kuzuia dola 540.

Shemeji yangu wa Columbus aliniambia kwenye simu, "Dada, kazi si imefanyika? Mwache fundi ale jasho lake."

Nilimjibu, "Shemeji, jasho lake sikatai. Lakini tazama kilichobaki."

Kazi ambayo haijafanyika ilikuwa ya dola 10,600. Ukiongeza 1,940 zilizopaswa kuwa zimezuiliwa, akaunti ingekuwa na dola 12,540, bila kuhesabu akiba ya dharura. Ilikuwa na 12,000 tu. Mkandarasi akiondoka kabla ya kumaliza, pengo hilo tungelijaza sisi, na mabomba yangesubiri huku baridi ya Buffalo ikikaribia.

Nilimpelekea mkopeshaji ukurasa mmoja wenye nguzo hizo tatu. Walikubali, wakakata dola 540 kwenye awamu ya tatu. Mkandarasi hakupoteza kitu, kwa kuwa fedha zinazozuiliwa ni zake kazi ikiisha na ikithibitika kwamba hakuna anayeidai nyumba.

Hesabu hii ina mpaka wake. Ikiwa mkaguzi ameandika asilimia 60 na madirisha yaliyofungwa ni manne kati ya kumi, nguzo zote zitakubaliana na bado utakuwa umelipa zaidi. Kwa hiyo mume wangu huhesabu madirisha kwanza, ndipo mimi hufungua daftari.