Siku Mbili Mombasa kwa Shilingi 1,500

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula uliopita, mwenzangu nami tulifunga safari kutoka Voi kwenda kuitazama Mombasa. Kila mmoja wetu alikuwa na shilingi 1,500. Nauli ya matatu ilikuwa 500, na 500 nyingine ya kurudia nikaifunga katika kitambaa. Zilizosalia ndizo za kula na kutembea.

Tulifika Ijumaa jioni kwa mjomba wangu, Majengo. Nilimwonyesha karatasi ya mpango wetu: asubuhi Likoni, adhuhuri Mama Ngina, jioni Mji wa Kale. Mjomba akaigeuza karatasi juu chini. "Mwanangu, Mama Ngina saa sita ya mchana mtaungua, na kiu itamaliza fedha zenu zote kwa soda. Mchana kaeni vichochoroni."

Basi Jumamosi tulianza kwa miguu. Tulinunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja kando ya njia, tukashiba kwa shilingi 60 kila mtu. Tukapita sokoni Marikiti penye harufu ya bizari, kisha tukaingia Ndia Kuu. Huko njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu, hata jua hulioni ila vipande vipande chini ya roshani. Tulitazama milango ya nakshi mpaka shingo zikauma, na hakuna aliyetudai senti.

Taabu ilikuwa mbele ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Kuingia ndani kuna kiingilio. Mwenzangu alitaka tufungue kile kitambaa. "Tutarudije?" nikamwuliza. Alinuna, na kusema kweli hata mimi nilitamani. Tukaizunguka kwa nje, tukateremka upande wa bahari, na kutoka chini kuta zile zilionekana kubwa kuliko nilivyodhani. Lakini mizinga hatukuiona, na mwenzangu hajalisahau jambo hilo mpaka leo.

Alasiri, jua lilipopoa, tulitembea mpaka Mama Ngina. Tuliketi chini ya mibuyu tukala viazi karai kwa ukwaju, huku meli kubwa ikipita karibu mno kuingia Kilindini, hata tuliwaona mabaharia wakitembea juu yake. Mwenzangu akasahau kununa.

Njia ile ile hukufikisha kivukoni Likoni. Magari hulipa, bali mwenda kwa miguu havushwi kwa fedha. Tulivuka, tukageuka, tukavuka tena, jua likizama. Jihadhari tu na mifuko yako, maana jioni watu husongamana sana.

Kutoka kivukoni tulipanda matatu hadi Majengo, maana miguu ilikuwa imekwisha. Usiku nilihesabu: nilikuwa nimetumia shilingi 210, na kitambaa kilikuwa bado na fundo lake.

Jumapili asubuhi mwenzangu aliniuliza kiingilio cha Ngome ni kiasi gani hasa.