Nilimwambia "Ni Yako Kabisa"

Ujumbe wenyewe ninao hadi leo kwenye simu, sijaufuta. Niliutuma Jumanne usiku, nikiwa nimejilaza: "Mdogo wangu, nimeiona hii nikakukumbuka. Ni yako kabisa. Nina mtu pale, nimeshamgusia. Wahi!" Juu yake kulikuwa na skrinshoti tatu za tangazo la kazi ya mkuu wa stoo katika taasisi moja ya Dar es Salaam. Ilinichukua chini ya dakika mbili, kisha nikalala usingizi mzuri, usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Yule binti nilifanya naye kazi miaka mitatu Morogoro, kwenye ghala la mahindi. Mimi nilikuwa msimamizi, yeye ndiye aliyeshika daftari la kuingia na kutoka. Nilipohamia Dar tulibaki watu wa salamu za Idi na mwaka mpya, basi. Wala watu wa namna hiyo si wa kudharau linapokuja suala la kazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu watu wa mji mmoja wa Massachusetts waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Zaidi ya nusu walisema mara moja moja tu, na waliokuwa wakionana naye mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Inaeleweka: rafiki wa karibu anayajua yale yale unayoyajua wewe, ila mtu wa mbali yuko kwenye baraza jingine na anasikia mengine. Kwa hiyo kumtumia tangazo hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa katika zile sentensi nne, maana karibu kila moja ilikuwa na uongo wake.

Nianze na "nikakukumbuka". Sikumkumbuka. Tangazo lilikuja kwenye grupu la watu wa ugavi, nikapitisha macho kwenye orodha ya majina ya simu yangu, nikachagua watu watano. Yeye alikuwa wa nne. Ujumbe niliuandika kwa wa kwanza, halafu nikawa naunakili na kuubandika kwa wengine. Sikufowadi, na nitasema kwa nini: ukifowadi, WhatsApp inaweka alama ya mshale juu ya ujumbe, na mpokeaji anajua kwamba maneno hayo yametoka kwa mwingine. Nilitaka kila mmoja aone nimeyaandika kwa ajili yake peke yake. Niliukwepa mshale kwa makusudi.

"Ni yako kabisa." Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu kazi ya stoo naijua. Tangazo lilikuwa na kurasa tano, mimi nilisoma tatu, nikatuma tatu. Ukurasa wa nne ulisema stoo yenyewe ni ya dawa na chanjo, na anayetakiwa ni mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu wa kutunza bidhaa hizo, aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi.

Asiye wa fani ataona stoo ni stoo. Sivyo. Kwenye mahindi sisi tulikuwa na adui watatu: unyevu, wadudu na panya. Gunia lililoingia kwanza ndilo linalotoka kwanza, na ukikosea utaratibu huo wiki moja mahindi hayakugombezi. Kwenye dawa kinachotazamwa kwanza ni tarehe ya mwisho wa matumizi: boksi lililoingia jana laweza kutangulia kutoka kuliko la mwezi uliopita, ikiwa la jana ndilo litakalokwisha muda mapema. Chanjo nyingi zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto lake linaandikwa kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo. Ziko ambazo zikiganda mara moja tu hazifai tena, hata kama kwa macho ziko vile vile. Mkuu wa stoo hiyo anatakiwa ajue umeme ukikatika saa nane usiku anafanya nini. Binti yule alikuwa hodari kweli, lakini hodari wa mahindi. Ningefungua ukurasa wa nne ningelijua hilo kabla sijafika katikati.

"Nina mtu pale, nimeshamgusia." Mtu ninaye, hilo ni kweli. Ni kaka mmoja tuliyesoma naye chuo, yuko idara ya fedha. Kumgusia sikuwa nimemgusia. Nilikusudia kumpigia kesho yake, nikaona kusudio na tendo vinakaribiana vya kutosha. Kwetu neno "nina mtu pale" halisomwi kama taarifa. Linasomwa kama koneksheni, na koneksheni ni nusu ya ajira. Nililiandika nikijua hivyo. Kusema kweli, ndilo lililonipa raha kuliko yote, kuonekana mtu mwenye watu.

Likabaki "wahi". Naye akawahi.

Ijumaa asubuhi alipanda treni ya SGR kutoka Morogoro, nauli 13,000, akiwa na bahasha ya vyeti alivyogongesha mihuri kwa wakili siku iliyotangulia. Kuomba kwenyewe kulikuwa kwa barua pepe. Hakukuwa na sababu ya mtu kusafiri. Ila aliwaza, kama mlezi anavyomfunza mtoto, kwamba ukishasemewa kwa mtu si adabu kutuma karatasi tu bila kwenda kusalimia. Kwa hiyo alifika mapokezi, akataja jina la yule kaka, akakaa kusubiri. Kaka akatoka. Akamtazama, akaangalia huku na huku, akamuuliza: "Samahani dada, tunafahamiana?"

Simu yangu ililia saa tano kasoro. Kaka hakupandisha sauti, na hilo lilizidi kuniumiza. "Dada yangu, hapa nje kuna binti anasema umeniambia habari zake. Na jana kuna wawili wamenipigia wanasema hivyo hivyo. Sasa niambie, wako ni yupi? Halafu ujue mimi niko fedha, usaili siugusi. Wakisikia watu wanakuja kuniulizia kwa jina, mimi ndiye nitakayeitwa kujieleza."

Sikuwa na jibu la "wako ni yupi". Hakuwepo.

Jioni nilimpigia binti nikamwomba radhi kwa usumbufu wa safari. Nilidhani hasara yote ni nauli, mihuri na aibu ya mapokezi. Ndipo akaniambia lile ambalo hakuwa amenieleza, wala mimi sikuwa nimemuuliza: mkataba wake pale Morogoro ulikuwa unaisha, na Jumatano ile, siku moja baada ya ujumbe wangu, alikuwa amewekewa mezani wa miezi sita mingine. Aliomba wiki moja ya kufikiri. Mwajiri akamwelewa vizuri tu, akampa mtu mwingine. "Si ulisema ni yangu, dada?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kana kwamba huenda bado nina la kuongeza.

Nilimweleza yote kwa mpangilio: kurasa mbili ambazo sikusoma, kaka ambaye sikumpigia, wenzake wanne. Alinyamaza, akasema sawa, akaniaga kwa adabu kama kawaida yake. Wale wanne niliwaandikia usiku ule ule. Mmoja alicheka akasema hata hakuifungua. Mwingine alikuwa na sifa zote za ukurasa wa nne na akaomba kivyake, bila jina langu, kwa bahati yake nzuri. Kaka wa fedha nilimfuata ofisini kwake wiki iliyofuata. Tulizungumza mambo ya mvua.

Miezi kadhaa baadaye niliona nafasi za Afisa Ugavi Daraja la II zimetangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Safari hii sikugusa picha iliyokuwa inazunguka kwenye grupu. Picha za matangazo huwa zimekatwa, na pengine mtu amechomeka namba yake pale chini ili adai hela ya fomu. Niliingia portal.ajira.go.tz, nikalifungua tangazo lenyewe, nikaanza kusoma kutoka mwisho, kwa sababu masharti ya jumla ndiko yanakokaa: umri usizidi miaka 45, cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na wakili, matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, barua ielekezwe kwa Katibu. Nikahesabu siku zilizobaki. Zilikuwa tisa.

Hapo kwenye hati za matokeo nikasimama. Nilikumbuka, na safari hii nilikumbuka kweli, kwamba tulipokuwa ghalani aliwahi kuniambia cheti chake cha kidato cha nne hakijawahi kutoka shuleni kwao, kwa miaka yote anatembea na karatasi ya matokeo. Mtu wa namna hiyo anaweza kujaza kila kitu kwenye mfumo, akaenguliwa kwa karatasi moja, na asijue kwa nini. Nikagundua kwamba katika tangazo lote, hilo ndilo jambo pekee ambalo mimi ningeweza kumwambia na grupu lisingeweza.

Nilikaa nao muda mrefu ujumbe ule wa pili. Niliandika hivi:

"Mdogo wangu, habari za siku. Kuna nafasi za Afisa Ugavi II, tangazo lenyewe liko Ajira Portal, nimelisoma lote. Wanataka shahada ya ugavi na usajili wa Bodi. Shahada unayo, usajili sijui kama ulikamilisha. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne hawaipokei, wanataka cheti chenyewe. Kama chako bado kiko shuleni, anza na hicho, maana zimebaki siku tisa. Simjui mtu yeyote huko na sijaongea na yeyote. Kama haikufai, wala usijisumbue kunijibu."

Nilisoma tena mstari wa "simjui mtu yeyote". Kidole kilikuwa kinawasha kuufuta. Mtu unaandika ujumbe wa msaada halafu unatangaza humo humo kwamba huna uwezo wowote! Niliuacha, nikatuma.

Alama mbili zikawa za bluu mara moja. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nilijua anachokipima. Baada ya kama robo saa likaja swali moja, bila salamu, bila dada:

"Umewatumia wangapi?"

Nikamjibu, "Wewe tu."

Asubuhi yake nilikuta picha. Ilikuwa geti la shule, kibao chake kimechakaa, na kivuli cha mtu aliyeshika simu kimelala mchangani.