Jina la Mwanangu Liko Wapi?

Picha ya kadi iliingia kwenye kundi la familia mwezi Machi 2024. Ilipigwa chini ya taa, kona moja ikaungua kwa mwanga. Binamu yangu anaoa Minesota, na Mjomba alinipigia hapohapo: "Wewe ndiye msomi wa Kiingereza. Iandike kwa Kiswahili, Bibi aisome mwenyewe." Nikadhani ni kazi ya dakika kumi.

Nilianza na tarehe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaharibu mambo. Kadi iliandika 10.05.24, na Mjomba alikwisha kusema ataomba likizo, tarehe 10 Mei haiko mbali. Lakini Wamarekani hutanguliza mwezi. Ushahidi ulikuwa kwenye kadi yenyewe: mstari wa RSVP, unaomtaka mgeni ajibu kama atafika, ulitaja 08.15.24, na hakuna mwezi wa 15. Tena mwanga ulikuwa umebakiza neno "Jumamosi". Nikafungua kalenda: tarehe 10 Mei ni Ijumaa, tarehe 5 Oktoba ni Jumamosi. Nikaandika mwezi kwa jina lake, asije mtu mwingine akababaika.

Saa nayo ilitaka kugeuzwa. Saa nne na nusu yao ya mchana ni saa kumi na nusu yetu, alasiri. Kwa Muheza itakuwa saa sita na nusu usiku, wa kuamkia Jumapili. Niliandika zote mbili, maana najua Bibi atataka kukesha na simu.

Chini kabisa kulikuwa na agizo la mavazi: tai nyeusi, kwa hiari. Mjomba alilisoma kwa ufahamu wake akauliza, "Harusi au msiba?" Neno kwa neno, nami ningeandika hivyohivyo. Kumbe kwao tai nyeusi ni jina la vazi zima la jioni: koti jeusi rasmi na tai ya kipepeo. Hiari maana yake asiye nalo avae suti ya rangi nzito, na wanawake magauni rasmi. Nikaandika: "Mavazi: suti au vazi rasmi la jioni." Tai nikaiacha.

Nikampelekea Bibi rasimu. Jioni akapiga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesoma. Sasa nani anatualika?"

Nikaitazama tena kadi. Ilianza, "Pamoja na familia zao," kisha majina mawili ya maharusi, basi. Kadi za kwetu haziendi hivyo. Huanza na familia, wazazi kwa majina yao, ndipo waseme wanayo furaha kukualika kwenye harusi ya mtoto wao mpendwa. Maharusi hawajialikii watu. Baba wa bwana harusi ni mtoto wa kwanza wa Bibi, tuliyemzika Muheza.

"Jina la mwanangu liko wapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Kuliongeza jina ni kuandika kisichokuwamo. Kuliacha ni kumpa Bibi karatasi iliyo sahihi na isiyo na adabu. Nikampigia binamu. Alieleza kwamba huko maharusi wanaojigharamia hualika wenyewe, na kwamba hakuna aliyekusudia kumwacha baba. Halafu akanyamaza kidogo. "Liandike," akasema. "Andika marehemu baba."

Kwa hiyo nikaandika upya:

"Familia ya marehemu …, wa Muheza, Tanga, pamoja na familia ya Bw. na Bi. …, wa Minesota, Marekani, zinayo furaha kukualika Bw./Bi. … kwenye ndoa ya watoto wao wapendwa, itakayofungwa kanisani Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, saa 10:30 alasiri kwa saa za huko. Kufika kwako ni heshima kwetu."

Sentensi ya mwisho ilinisumbua. Kwa Kiingereza wanaomba heshima ya kuwapo kwako, maneno ambayo kwa desturi hutumika ndoa ikifungwa kanisani. Kwa ukumbini husema furaha. Nikiandika "tunaomba heshima" ingesikika kama tunadai kuheshimiwa. Nikaigeuza, heshima ikamfuata mgeni anapofika.

Penye nafasi ya mwalikwa nilikuwa nimeweka jina la Bibi. Akapiga tena.

"Nifute hapo."

"Kwa nini, Bibi?"

"Familia ya marehemu ni nani kama si mimi? Mwenye shughuli haalikwi."

Nikafuta. Akaniagiza nichapishe nakala ishirini, nafasi ya jina niiache wazi. Majirani zake atawaandika mwenyewe, kwa kalamu.