Usiulize Kama Ni Bei

Ukikosa kazi, usimuulize mteja, "Ilikuwa bei?" Atasema ndiyo. Bei ni jibu la heshima, halimuumizi mtu na linamaliza maongezi haraka. Wewe nawe utashusha bei, halafu utakosa kazi nyingine.

Mwaka jana hoteli moja pale Naivasha ilitaka video kumi fupi. Niliandika 35,000, nauli ya kutoka Nakuru ikiwa ndani, na video zote baada ya siku saba. Wakachukua mtu mwingine. Nilingoja siku nne, maana siku ile ile meseji yako inasomeka kama malalamiko, na baada ya mwezi hakuna anayekukumbuka. Kisha nikamwandikia meneja:

"Habari ya leo, Madam? Asante kwa kunipa nafasi. Najua mmeshachagua mtu na siombi mbadilishe. Naomba kujua kitu kimoja tu: mwenzangu alikuwa na nini kilichowasaidia kuamua? Hata mstari mmoja utanisaidia. Kazi njema."

Hapo sikuuliza mimi nilipungukiwa wapi. Kumsema mtu vibaya machoni pake ni kazi ngumu, lakini kumsifu mwingine ni rahisi, na ndani ya sifa hiyo ndiyo unapata jibu lako.

Alijibu jioni. Mwenzangu alikuwa 38,000, ghali kuniliko. Ila aliahidi kipande kifupi usiku huo huo, ili wageni wa wikendi wakiposti kabla ya kuondoka Jumapili. Sasa fikiria ningeshusha bei hadi 28,000! Nilimjibu "Asante sana, nimeelewa," basi. Ukianza kujitetea, hata ukiwa na haki, hutajibiwa tena. Siku hizi kwotesheni yangu ina mistari miwili: kipande cha sekunde 30 usiku huo huo, na kazi kamili baada ya wiki.

Lakini jibu moja ni la mtu mmoja. Mimi huandika kila jibu kwenye daftari, na sibadilishi kitu kikubwa mpaka neno lile lile litoke kwa wateja watatu. Kipande cha usiku nilikiongeza mapema kwa sababu hakinigharimu chochote. Wengine watanyamaza, wengine watakwambia kazi ilienda kwa binamu. Hao usiwafuate mara ya pili.

Na kama ulikuwa unaomba tenda ya kaunti, hapo huombi fadhila. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinataka walioshindwa wajulishwe kwa maandishi, pamoja na sababu. Ukitaka kupinga uamuzi una siku 14 tu, kwa hivyo isome hiyo barua siku inapofika. Mwenye hoteli hana sheria ya kumlazimisha akujibu. Kwake una adabu yako tu, na swali moja lililoulizwa vizuri.